Tarehe ya kuangua: namna ya kuihesabu tangu mayai yaingie kwenye mashine

Anayepeleka mayai kutotoleshewa kwa mwenye mashine mara nyingi huhesabu tangu siku aliyokabidhi trei. Kaleta mayai Jumatano, lakini mwenye mashine huingiza Ijumaa tu, mara moja kwa wiki. Ikifika Jumatano ya wiki ya tatu simu zinaanza kuita: vifaranga wangu wako wapi? Hakuna aliyemdhulumu. Kilichotokea ni kwamba saa ya yai ilianza kutembea Ijumaa jioni, si Jumatano.

Yai lenye mbegu likishatagwa na kupoa, kiinitete kilicho ndani husimama kukua. Hakijafa, kinangoja joto. Ndiyo maana kuku wa kienyeji anaweza kutaga yai moja moja kwa wiki mbili, kisha akaanza kuatamia, na mayai yote yakaangua karibu siku moja. Yai la kwanza lilisubiri la mwisho. Kwenye mashine mambo ni yale yale: hesabu inaanzia saa mayai yalipoingia kwenye joto la kutotolesha, na siku za kukaa jikoni, kwenye basi au kwenye rafu ya mwenye mashine hazimo.

Hapa pana jambo moja ambalo wakazi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanapaswa kulijua. Kiinitete hutulia kabisa joto likiwa chini ya nyuzi 20 hivi. Chumba cha pwani mwezi wa Februari hupita hapo kwa mbali, kwa hiyo yai linaanza kukua kidogo kidogo bila kufika popote. Kukua huko hakukupunguzii siku za mashine. Kunadhoofisha kiinitete, baadhi hufa siku za mwanzo, na waliobaki hawaendi kwa hatua moja. Mahali penye joto la namna hiyo ingiza mayai ndani ya siku tatu au nne tangu kutagwa. Ukiwa Iringa, Limuru au sehemu nyingine ya baridi, unaweza kufika siku saba bila hasara kubwa.

Siku ya kuingiza ni sifuri

Kosa linalozaa makosa mengine ni kuiita siku ya kuingiza kuwa "siku ya kwanza". Siku ya kwanza haijatimia mpaka saa 24 zipite. Ukiingiza mayai ya kuku Ijumaa saa 12 jioni, siku ya 1 inatimia Jumamosi saa 12 jioni, na siku ya 7 inatimia Ijumaa inayofuata saa hiyo hiyo. Mayai ya kuku huchukua siku 21, yaani wiki tatu kamili, kwa hiyo siku ya kuangua lazima iwe na jina lile lile la siku ya kuingiza. Ulianza Ijumaa, utamaliza Ijumaa. Hesabu yako ikikupa Alhamisi, umehesabu siku ya kuingiza kama moja.

Njia hii ya kujikagua inafaa pia kwa ndege wengine ambao siku zao zinagawanyika kwa saba. Bata mzinga na bata wa kawaida kama Pekini ni siku 28, wiki nne, na hurudi kwenye siku ile ile. Wale bata wenye nyama nyekundu ya vinundu usoni, ambao hawalii kwa kelele bali huhema tu, ni siku 35 au pungufu kidogo, yaani wiki tano. Hao ndio wanaotupwa jalalani wakiwa hai. Mfugaji anasikia kwamba bata ni siku 28, anangoja hadi siku ya 30, anakata tamaa na kuyatoa mayai ambayo yalihitaji siku tano zaidi. Kabla ya kuandika tarehe yoyote ya bata, muulize mwenye mayai sura ya bata wake. Kanga huangua kati ya siku ya 26 na 28, na kware wa kufugwa siku ya 17 au 18.

Andika saa pamoja na tarehe, hasa ukiingiza usiku. Mayai yaliyoingia saa 7 usiku, mmoja ataandika Ijumaa kwa sababu hajalala bado, na simu itamwambia ni Jumamosi. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 7", halafu tarehe ya Jumamosi. Andika kwa penseli juu ya ganda na kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye trei. Kalamu ya wino mzito iache, kwa kuwa ganda lina vitundu ambavyo kiinitete hupumulia.

Na usiiachie mashine kazi hiyo. Mashine nyingi ndogo zenye kioo cha namba huonyesha siku, lakini nyingine huanzia 0 na nyingine 1, nyingine huhesabu kurudi nyuma kutoka 21, na zipo ambazo umeme ukikatika na kurudi huanza upya. Mtu anakuta kioo kinasema siku ya 9 wakati mayai yana siku ya 16. Karatasi kwenye trei haikatiki umeme.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuchukue mayai 60 ya kuku yaliyoingizwa Ijumaa tarehe 14 Februari 2025 saa 12 jioni. Mwezi unakatika katikati, na hapo ndipo vidole huchanganyikiwa. Februari ya mwaka huo ina siku 28, kwa hiyo kutoka tarehe 14 hadi mwisho wa mwezi zimebaki siku 14. Ondoa hizo kwenye 21, zinabaki 7. Tarehe ya kuangua ni 7 Machi, nayo ni Ijumaa. Jina la siku limekubali, hesabu ni sahihi. Mwaka 2024 Februari ilikuwa na siku 29, na mayai ya tarehe 14 yangeangua tarehe 6 Machi. Kwa hiyo angalia mwaka.

Tarehe moja haitoshi kuendesha kazi. Kutoka kwenye ile ya kuingiza utapata nyingine nne za kuandika kwenye karatasi. Ijumaa 21 Februari ni siku ya 7, ya kupima mayai kwa tochi. Ijumaa 28 Februari ni siku ya 14, ya kupima mara ya pili. Jumanne 4 Machi ni siku ya 18: unaacha kugeuza, unayalaza mayai kwenye trei ya kuangulia, unaongeza maji ili unyevu upande kutoka karibu asilimia 50 au 55 hadi 65 au 70, na unafunga mlango. Ya nne ni Jumapili 9 Machi, siku ya 23, ya kufunga hesabu.

Ukiwa na makundi mengi, jedwali la simu litakufanyia. Weka tarehe ya kuingiza kwenye A2, kisha kwenye visanduku vinavyofuata andika siku ya 7, ya 18 na ya 21:

```
=A2+7
=A2+18
=A2+21
```

Kwa bata wa siku 28, badala ya 18 tumia 25, na badala ya 21 tumia 28. Kanuni ni kuacha kugeuza siku tatu kabla ya kuangua, na kwa kware wengi huacha siku ya 14 au 15.

Ile Ijumaa ya 7 Machi isomeke kama kilele, kwa sababu vifaranga hawatoki kwa kengele. Alhamisi, siku ya 20, utasikia milio ndani ya maganda na kuona mayai ya kwanza yametobolewa. Kuanzia tundu la kwanza hadi kifaranga kutoka ni kawaida kupita saa 12, na wakati mwingine 24, kwa kuwa bado anamalizia kufyonza damu na kiini cha yai. Wengi watatoka usiku huo na mchana wa Ijumaa, wachache Jumamosi. Kiini hicho kinamlisha kwa siku mbili hivi, kwa hiyo aliyetoka mapema hana haja ya kukimbiziwa chakula. Ukifungua mlango kila nusu saa kumtoa mmoja, unyevu unatoka naye, utando unakauka na kuwabana walio nusu njia.

Kwa nini tarehe inasogea

Sababu kubwa ni joto. Mashine yenye feni iende nyuzi 37.5. Isiyo na feni ina joto tofauti juu na chini, hivyo kipimajoto kiwekwe usawa wa mgongo wa yai na kisome karibu 38.5. Ukizidisha kidogo kwa siku zote, vifaranga watatoka siku ya 19 au 20, wadogo, na vitovu vingi havijafunga vizuri. Ukipunguza kidogo, watafika siku ya 22 au 23, wazito, wavivu kusimama. Hapo tarehe ya kuangua inageuka kuwa kipimo cha mashine yenyewe. Kundi zima likitangulia au likichelewa kwa siku nzima, hakiki kipimajoto kabla ya kuwalaumu waliokuuzia mayai. Kiweke pamoja na kipimajoto cha homa cha hospitali kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu wa nyuzi 38 hivi, na uone kama vinakubaliana. Vikitofautiana kwa nusu nyuzi, umeshapata jibu.

Umri wa mayai nao unachelewesha. Kwa makadirio, kila siku yai lilipokaa kabla ya kuingizwa huongeza kama saa moja. Yai la siku 2 na yai la siku 12 yakiingia pamoja, la pili litatoka karibu nusu siku baadaye, na uwezekano wa kuangua umeshapungua. Mayai makubwa pia huchelewa kuliko madogo. Ndiyo sababu kundi lililokusanywa kwa majirani watano huangua kwa kusuasua siku mbili, wakati mayai ya banda moja yaliyotagwa ndani ya siku tatu hutoka karibu kwa pamoja. Ukijua mayai ni ya umri mchanganyiko, mwambie mteja "Ijumaa hadi Jumamosi jioni", usimpe saa.

Umeme ukikatika

Turudi kwenye yale mayai 60. Tuseme umeme ulikatika usiku wa Jumatano 19 Februari, siku ya 5, kwa saa tisa, na asubuhi kipimajoto ndani ya mashine kilisoma nyuzi 27. Mayai hayapoi mara moja, hivyo zile saa tisa si zote zilizopotea. Chukulia kama nusu siku. Tarehe mpya ni Jumamosi 8 Machi asubuhi.

Lakini usikimbilie kuandika upya kila kitu. Kupima kwa tochi ndiko kusogee mbele: badala ya Ijumaa tarehe 21, subiri hadi Jumatatu tarehe 24, ili waliokufa usiku ule waonekane wazi. Yai hai litaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika na kivuli cheusi kinachocheza ukiligeuza. Lililokufa lina pete ya damu au kivuli kilichoganda upande mmoja. Lisilo na mbegu ni angavu kama siku lilipoingia.

Siku ya kuacha kugeuza ibaki ile ile, Jumanne 4 Machi. Kugeuza kuna kazi kubwa zaidi wiki mbili za kwanza, na kuacha nusu siku mapema hakudhuru. Kuendelea kugeuza wakati kifaranga ameshapanga kichwa chake kuelekea chumba cha hewa ndiko kunakoleta shida. Kwa hiyo ucheleweshaji wowote unaongezwa mwishoni: tarehe ya kufunga hesabu inatoka Jumapili 9 kwenda Jumatatu 10 Machi.

Umeme ukikatika wiki ya mwisho, tatizo ni jingine. Mayai ya siku ya 16 na kuendelea yanatoa joto lake yenyewe na yanahitaji hewa. Mashine iliyojaa ikizimika feni, katikati ya trei panaweza kuchemka badala ya kupoa, na hewa inachafuka. Wiki ya kwanza funga matundu na uifunike mashine kwa blanketi. Wiki ya mwisho acha matundu wazi, fuata kipimajoto, na ufungue mlango kidogo joto likianza kupanda.

Kuhesabu kurudi nyuma

Anayepanga vizuri haanzi na mayai, anaanza na siku anayotaka vifaranga. Hapo unatoa. Tuseme unataka chotara wa wiki 16 wawe tayari kuuzwa Jumatatu 22 Desemba 2025, kabla ya Krismasi. Wiki 16 za kulea jumlisha wiki 3 za mashine ni wiki 19, sawa na siku 133. Rudi nyuma kutoka 22 Desemba, unafika Jumatatu 11 Agosti. Hiyo ndiyo tarehe ya kuingiza, na mayai yakusanywe kuanzia Alhamisi au Ijumaa ya kabla yake. Anayekumbuka Krismasi mwezi wa Oktoba atakuwa na vifaranga wa kuwaonyesha wageni, si kuku wa kuwauzia.

Hesabu hiyo hiyo inakusaidia ukitaka ndege tofauti waangue siku moja. Tuseme siku hiyo ni Ijumaa 7 Machi 2025. Bata wa siku 35 waliingia Ijumaa 31 Januari, bata mzinga na Pekini Ijumaa 7 Februari, kuku Ijumaa 14 Februari, na kware wa siku 18 Jumatatu 17 Februari. Kuangua pamoja kunafaa zaidi kuliko kuingiza pamoja, kwa sababu siku tatu za mwisho zinahitaji unyevu mwingi ambao unayadhuru mayai machanga yaliyomo kwenye mashine hiyo hiyo. Chumba chao cha hewa hakipanuki inavyotakiwa, na kifaranga huja kuzama kwenye majimaji siku ya kutoka. Mwenye mashine moja anayeingiza kila wiki anahitaji sanduku la pili, dogo, la kuangulia tu. Bila hilo, ni afadhali kuingiza kundi moja na kulimaliza.

Chagua pia siku ya wiki kwa makusudi. Ukiingiza kuku Jumanne jioni, siku ya 18 itakuwa Jumamosi na vifaranga watatoka Jumanne, siku ambayo duka la dawa liko wazi na basi la mizigo linasafiri. Ukiingiza Jumapili, siku ya 18 ni Alhamisi na kuangua ni Jumapili. Anayekwenda kanisani asubuhi na msibani mchana ajiulize nani atakuwa nyumbani.

Siku ya 21 imefika na kimya

Usivunje yai. Sikiliza kwanza, sogeza sikio karibu na matundu au lichukue yai moja haraka ulimulike. Chumba cha hewa kikiwa kimeinama na kivuli cha mdomo kinachezacheza ndani yake, kifaranga ameshaanza kupumua na atatoboa ganda muda wowote. Kisha soma karatasi ya trei: je, siku ya kuingiza ilihesabiwa kama moja? Je, umeme ulikatika? Je, ni bata wa siku 35? Mara nyingi jibu limo kwenye maswali hayo matatu.

Kama yote ni sawa, wape hadi siku ya 23 kwa kuku. Baada ya hapo waliobaki kwa kawaida ni wafu au dhaifu mno, na yai viza likipasuka ndani ya mashine linachafua vifaranga walio hai. Toa mayai hayo nje, vunja machache na uangalie. Vifaranga waliokamilika lakini hawakutoboa ganda wanaonyesha shida ya siku za mwisho, yaani unyevu, hewa au joto. Viinitete vya wiki ya kwanza vinaonyesha mayai yaliyokaa mno au kuhifadhiwa kwenye joto. Waliokomaa kiasi, wote wakiwa umri mmoja, wanakuonyesha usiku ambao kitu kilitokea. Hesabu siku kutoka kwenye karatasi hadi umri wao na utaupata usiku wenyewe.

Halafu andika kwenye daftari saa ambayo nusu ya vifaranga walikuwa wametoka, karibu na saa ya kuingiza. Mashine yako ikikupa siku 20 na saa 14 kundi baada ya kundi, hiyo ndiyo namba ya kumpa mteja. Kama vifaranga wana vitovu vilivyofunga na wanasimama imara, usiiguse skrubu ya joto. Kama sivyo, shusha robo ya nyuzi kwa kundi lijalo na upime tena.